Pimeni Maji Kabla ya Kununua Mabomba

Ndugu mkulima, pengine wewe pia unakaa katika mashamba ya makazi, na kila kiangazi watu wa kijiji chenu hukutana kuzungumza juu ya maji. Mkutano huanza asubuhi, maneno huwa mengi, jioni kila mtu hurudi kwake, na mwaka unaofuata mambo huwa yale yale. Tunakuletea habari za mkutano mmoja uliokwisha kwa mapatano, ili uone jinsi wazee, vijana na akina mama walivyofika hapo, na hesabu iliyowafikisha.

Kijiji chenyewe kiko upande wa Nyandarua, kwenye nchi ya viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa. Kuanzia mwaka 1962 Serikali ilinunua mashamba makubwa ya walowezi sehemu hizo na kuyagawa kwa wakulima, katika mpango ulioitwa wa ekari milioni moja. Shamba lililokuwa la mtu mmoja likawa la watu wengi. Lakini maji hayakugawanywa kama ardhi. Bomba la zamani lilitengenezwa kwa nyumba moja, zizi moja na josho moja, na katika kijiji hiki lilikwisha kuoza zamani. Leo zipo nyumba 60, watu wapatao 360, na chemchemi moja iliyo juu ya kilima ndani ya shamba la mzee mmoja. Nyumba za chini ziko umbali wa kilomita moja na nusu kutoka hapo.

Mkutano ulifanyika chini ya miti ya shule, mwishoni mwa kiangazi. Kamati ya Maendeleo ya Kijiji ilikuwepo yote, pamoja na wazee, wajumbe wa vijana, wajumbe wa akina mama, chifu, afisa wa kilimo na afisa wa maji wa kaunti.

Kila upande ulikuja na haja yake

Mwenyekiti alifungua mkutano, akawapa nafasi wazee waseme kwanza. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba chemchemi ni kitu kidogo, na afadhali kijiji kichimbe kisima kirefu kwa mashine kama walivyofanya watu wa ng'ambo ya bonde. Wengi walimpigia makofi.

Baadaye alisimama mjumbe wa vijana. "Wazee wetu," akasema, "sisi hatukatai maji ya kunywa. Lakini kijana hawezi kukaa nyumbani kwa ajili ya maji ya chai. Tupeni maji ya kumwagilia kabichi na vitunguu wakati wa kiangazi, maana ndipo bei inapopanda, na hapo hamtatuona tena tukihamia mjini."

Mjumbe wa akina mama alisema maneno machache tu. "Nimesikia kisima, na nimesikia kabichi. Mimi nauliza maji yatatoka wapi na yatafika wapi. Mama wa nyumba za chini huenda chemchemini mara tatu kwa siku. Kwenda na mtungi mtupu ni dakika 25, kurudi nao umejaa ni dakika 40, na foleni mtu hajui itachukua muda gani. Binti yangu amechelewa shule mara ngapi muhula huu? Mwalimu yuko hapa, muulizeni."

Mwalimu aliinamisha kichwa bila kujibu, na watu wakaelewa.

Hapo mabishano yangeweza kuendelea mpaka jioni kama kamati haingekuwa imefanya jambo moja mapema. Wiki tatu kabla ya mkutano ilikuwa imewatuma watu watatu kwenda kuipima chemchemi: mzee mmoja, kijana mmoja na mama mmoja. Waliwekwa watatu makusudi, ili asiwepo mtu wa kusema baadaye kwamba upande mmoja ulidanganya.

Jinsi walivyopima

Kazi hii hata wewe msomaji unaweza kuifanya bila fundi. Walichukua jembe, udongo wa mfinyanzi, kipande cha bomba chenye urefu wa mita moja, ndoo ya lita 20 na saa yenye mkono wa sekunde. Kidogo chini ya mahali maji yanapotokea walijenga kizuizi kifupi cha udongo, wakapitisha bomba katikati yake, wakaziba pande zote ili maji yote yapite bombani. Kisha wakangoja. Wengi huharibu kipimo hapa, maana maji yaliyojikusanya nyuma ya kizuizi hutoka kwa nguvu mwanzoni na kuwadanganya. Wao walingoja mpaka maji ya nyuma yakatulia, hayapandi wala hayashuki, ndipo wakaweka ndoo.

Mara ya kwanza ndoo ilijaa kwa sekunde 59, mara ya pili 61, mara ya tatu 60. Walirudi wiki ya pili na ya tatu, asubuhi na jioni, wakapata karibu hesabu ile ile. Baada ya kila kipimo walibomoa kizuizi, na mama akaandika yote katika daftari la mwanawe.

Katika mkutano mama huyo alisimama na daftari lake akasoma: lita 20 kwa dakika moja. Kwa saa moja ni lita 1,200, na kwa siku nzima, usiku na mchana, ni lita 28,800.

Wazee wengine hawakupendezwa. Mmoja alisema, "Mama, chemchemi hii naijua tangu ujana wangu. Mwezi wa Mei ndoo hujaa kabla hujamaliza kuvuta pumzi."

"Ni kweli, baba," akajibu. "Lakini mwezi wa Mei mvua inanyesha na kila nyumba inakinga maji ya bati. Mimi nimepima mwezi tunaolia."

Afisa wa maji alimuunga mkono. Alisema chemchemi hupimwa mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu mradi uliopangwa kwa maji ya masika hukauka mwezi ule ule watu wanapouhitaji.

Maji yanamtosha nani?

Sasa kamati ikaweka hesabu ya pili kwenye ubao wa shule. Watu 360, kila mmoja lita 25 kwa siku za kunywa, kupika na kuoga, ni lita 9,000. Ng'ombe wakubwa 150 wa maziwa, kila mmoja lita 60, ni lita 9,000 nyingine. Ndama, kondoo na mbuzi walikadiriwa lita 2,000. Watoto 300 wa shule, kila mmoja lita 5, ni lita 1,500. Jumla ni lita 21,500.

Ukitoa hizo kutoka 28,800, zinabaki lita 7,300. Vijana walipoona hesabu hiyo nyuso zao ziling'aa, wakasema, "Basi ya kabichi yapo."

Afisa wa kilimo akaomba chaki. Alieleza kwamba kabichi katika jua la kiangazi huhitaji maji ya kina cha milimita 4 hivi kila siku. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kwa hiyo ekari moja tu ya kabichi hunywa lita 16,000 kwa siku.

Alirudia polepole: ekari moja ya kabichi hunywa kushinda ng'ombe wote wa kijiji pamoja. Lita 7,300 haziwezi kutosha hata nusu ekari, na kijiji kina vijana wengi. Nani atapewa hiyo nusu ekari?

Tena, akaongeza afisa wa maji, hizo lita zinazobaki si za kijiji. Chini ya kilima wako watu wengine wanaokunywa kijito kinachotoka katika chemchemi hiyo. Mtu anayetaka kuchukua maji kwa bomba lazima aombe kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ombi linalokausha kijito cha watu wa chini litapingwa. Mradi ungechukua robo lita kwa sekunde, yaani lita 21,600 kwa siku, na maji yanayobaki yataachwa yaende zake.

Kijana yule alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Basi sisi tumekosa?" Ilikuwa saa ngumu ya mkutano, maana vijana ndio wenye mikono ya kuchimba mtaro, na kila mtu alilijua hilo.

Afisa wa kilimo alimjibu kwamba maji ya kabichi yapo, lakini hayako chemchemini. Yanapita barabarani kila masika na kwenda zake. Robo ekari ya kabichi huhitaji lita 4,000 kwa siku, na kwa siku 60 za kiangazi ni lita 240,000. Bwawa dogo la shambani lililotandikwa karatasi nzito ya plastiki na kupokea maji ya mtaro wa barabara linaweza kuhifadhi kiasi hicho, ingawa yafaa lichimbwe kubwa zaidi, kwa kuwa jua nalo hunywa. Alikubali kuja kupima mahali pa bwawa moja la majaribio pamoja na vijana. Mkutano uliandika kazi hiyo kuwa mradi wa pili, wenye daftari lake mbali.

Kwa nini si kisima kirefu

Wazee waliotaka kisima hawakunyamazishwa, walijibiwa. Afisa wa maji alisema mashine huchimba mashimo matupu pia, na mwenye kuchimba hulipwa hata maji yasipopatikana. Yakipatikana, yahitaji pampu, na pampu yahitaji umeme au mitambo ya jua kila siku. Maji ya chemchemi hii yanateremka yenyewe.

Kisha akataja jambo la tatu. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa maji ya visima virefu yana floridi nyingi. Maji hayo huonekana safi, hayana harufu, lakini mtoto anayeyanywa tangu utotoni huota meno yenye madoa ya kahawia, na yakizidi sana huumiza mifupa. Kuyachemsha hakusaidii, bali huzidisha, kwa kuwa mvuke hutoka na floridi hubaki. Kiasi kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja. Ndiyo sababu maji ya kisima, na hata ya chemchemi hii, hapana budi yapelekwe maabara kabla fedha hazijatumika. Mzee wa kisima alisema, "Kama yanateremka bure, sina haja ya kuyapandisha kwa fedha." Watu wakacheka, na jambo hilo likaisha.

Shamba la mzee na miti yake

Lilibaki jambo ambalo wengi waliliogopa. Chemchemi iko katika shamba la mzee, naye alikuwa amekaa mbele, fimbo mkononi, hajasema neno. Aliposimama alisema, "Shamba ni langu na hati ninayo. Mnagawa maji yangu ubaoni kama mnagawa nyama, na mimi sijaulizwa."

Mwenyekiti alivua kofia akamwomba radhi, kwa kuwa kweli hakuulizwa. Ndipo chifu akaeleza sheria. Kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, maji yote ya mito, chemchemi na chini ya ardhi yako mikononi mwa Serikali ya Taifa kwa niaba ya wananchi. Hati humpa mtu ardhi, haimpi maji. Lakini chifu hakuishia hapo. Alisema pia kwamba ardhi ni ya mzee kweli, na hakuna atakayejenga ukuta, kupitisha bomba wala kuweka ua katika shamba hilo bila mapatano naye.

Na mapatano yalihitajika, kwa maana mzee alikuwa amepanda mikaratusi juu kidogo ya jicho la chemchemi, akingoja kuiuza iwe nguzo. Mkaratusi hunywa maji mengi, na ukipandwa karibu na chemchemi huipunguza. Kumwambia mtu akate miti aliyoitunza kwa miaka si neno jepesi.

Walizungumza kwa saa nzima. Mwisho mzee alikubali kuivuna mikaratusi yote iliyo ndani ya mita 30 kutoka chemchemini, kuiuza mwenyewe na kushika fedha zake, wala asipande mingine hapo. Kijiji kitamletea miche ya miti ya kienyeji na kuipanda kwa mikono yake. Sehemu inayozunguka chemchemi, kama robo ekari, itawekewa ua ili ng'ombe wasiikanyage. Kwa kuwa ng'ombe wa mzee walizoea kunywa hapo, maji yanayobaki yatapitia kwanza katika hori la saruji nje ya ua, na kutoka hapo yataingia kijitoni. Mtu mmoja alitaka mzee apewe pia maji ya bure nyumbani. Mzee mwenyewe alikataa, akasema, "Nikinywa bure, mtasema chemchemi ni yangu. Nitalipa kama ninyi."

Watu walikuwa wakijiandaa kupiga makofi, mjumbe wa akina mama akainua mkono. "Mzee wetu, Mungu akupe miaka mingi. Lakini sisi sote tutapita. Je, siku moja mwanao akifunga koki, tutamwonyesha nini?"

Ni swali gumu kumwuliza mzee mbele ya watu, lakini hakukasirika. Alisema mapatano yaandikwe, na yatiwe sahihi na yeye, mkewe na wanawe wakubwa mbele ya chifu. Msomaji, jambo hili ulishike. Miradi mingi ya maji imekufa, si kwa kukosa maji, bali kwa sababu neno lilitolewa na baba kwa mdomo, na watoto walipogawana shamba hawakulijua.

Maji yafike wapi

Wazee walikuwa wamependekeza vituo viwili vya kuteka maji, kimoja dukani na kimoja kanisani. Akina mama walikuja na hesabu yao. Lita 9,000 za nyumbani ni mitungi 450 ya lita 20 kila siku. Koki ya kawaida hujaza mtungi kwa sekunde 100 hivi. Kwa vituo viwili vyenye koki moja moja, kila koki itajaza mitungi 225, na hiyo ni zaidi ya saa 6. "Mtakuwa mmetuondolea mlima," akasema mama mmoja, "na kutuachia foleni." Kwa vituo vinne ni saa 3 hivi, na zikigawanywa asubuhi na jioni, mtu hasimami sana. Vituo vinne vikakubaliwa, na mahali pake patachaguliwa na akina mama wenyewe kwa kupima hatua, nyumba yoyote isiwe mbali zaidi ya mita 400. Ng'ombe watakuwa na mahori mawili mbali na vituo, ili samadi na matope yasikae miguuni mwa mtekaji.

Kutoka hapo ilikuwa rahisi kuelewa kwa nini tangi linahitajika. Chemchemi hutoa maji usiku kucha watu wakiwa wamelala. Kutoka saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa 10, na kwa robo lita kwa sekunde hujikusanya lita 9,000. Bila tangi maji hayo hupotea, na asubuhi koki zote zikifunguliwa pamoja hutoa uzi tu. Walikubaliana kuweka matangi mawili ya lita 10,000 kila moja, ili moja lisafishwe wakati jingine linatumika, na bomba la juu likipasuka kijiji kisikose maji siku hiyo hiyo.

Mtaro na fedha

Njia ya bomba ni mita 2,400. Ukigawa kwa nyumba 60, kila nyumba huchimba mita 40. Mtaro uwe na kina cha sentimita 60, na mahali pa kulimwa au kupita magari sentimita 90, maana bomba lililofukiwa juu juu hukatwa na jembe msimu wa kwanza. Mtu mmoja mwenye nguvu humaliza sehemu yake kwa siku 4 au 5 katika udongo laini. Wajane na wazee wasio na watoto nyumbani watachimbiwa na kijiji. Asiyekuwa na nafasi atalipa, na fedha hizo watapewa vijana watakaochimba sehemu yake. Hivyo vijana walipata kazi yenye ujira, nao mtaro ukapata wachimbaji.

Fedha za mabomba na matangi hazikutajwa siku hiyo. Mkutano ulikataa kuchangisha hata shilingi moja mpaka afisa wa maji alete hesabu iliyoandikwa, na majibu ya maabara yarudi. Lakini fedha za baadaye zilitajwa, kwa maana ndizo husahauliwa. Kila nyumba italipa shilingi 200 kwa mwezi wakati wa malipo ya maziwa. Nyumba 60 ni shilingi 12,000. Mtunza maji atalipwa 7,000 kwa kazi ya nusu siku, 1,500 ni za kusafisha matangi na mambo madogo, na 3,500 zitawekwa benki kwa matengenezo. Kwa mwaka akiba hiyo itakuwa shilingi 42,000, na bomba likipasuka hapatakuwa na haja ya kuitisha mkutano mwingine wa kulia.

Kumbukumbu za mkutano

Katibu alisoma kumbukumbu kwa sauti kabla ya watu kuondoka, nazo ndizo hizi:

1. Chemchemi itajengwa iwe ya maji ya nyumbani, mifugo na shule peke yake. Hapana kumwagilia mashamba kwa maji ya bomba.
2. Mradi utachukua robo lita kwa sekunde, na kibali kitaombwa. Maji yanayobaki yatarudi kijitoni.
3. Mapatano na mzee mwenye shamba yataandikwa na kutiwa sahihi na jamaa yake mbele ya chifu.
4. Vituo vitakuwa vinne, na mahali pake patachaguliwa na akina mama.
5. Kila nyumba itachimba mita 40.
6. Mweka hazina atakuwa mama. Fedha zitatolewa benki kwa sahihi za watu watatu: mzee, mama na kijana.
7. Mtunza maji atachaguliwa miongoni mwa vijana.
8. Bwawa la majaribio la vijana litapimwa kabla ya mvua, nalo litakuwa na daftari lake.

Mzee wa mikaratusi aliomba neno moja liongezwe, nalo likaandikwa: mtu yeyote asijenge choo upande wa juu wa chemchemi.

Mtunza maji aangalie nini

Afisa wa maji alimaliza kwa maonyo mawili ambayo yatakufaa hata wewe ambaye chemchemi yenu imejengwa tayari.

La kwanza ni la fundi. Kisanduku cha saruji kinachokusanya maji lazima kiwe na bomba la kutolea lililo chini kuliko jicho la chemchemi. Wajenzi wengine huinua ukuta na kuweka bomba juu, wakidhani watapata maji mengi. Maji yakisimama juu ya jicho, huisukuma chemchemi nyuma nayo hutafuta njia nyingine ardhini. Ukiona umande au matope mapya pembeni ya ukuta, na bomba linapunguza, jua maji yameanza kukukimbia. Fungua bomba la kusafishia mara moja uyashushe, kisha mwite fundi.

La pili ni la kila mwezi. Mtunza maji achukue ndoo na saa, apime kama walivyopima wale watatu, na kuandika. Kipimo cha mwezi mmoja si kitu, lakini ukilinganisha Februari ya mwaka huu na Februari ya mwaka ujao, utajua kama chemchemi inapungua kabla ya koki kukauka. Na maji yakiwa na rangi baada ya mvua kubwa, maana yake maji ya juu ya ardhi yanaingia kisandukuni. Zibua mtaro unaopitisha maji ya mvua juu ya chemchemi, tazama mfuniko na nyufa, na watu wachemshe maji ya kunywa mpaka yatakapokuwa meupe na kupimwa tena.

Mkutano ulifungwa jua likiwa linaelekea magharibi. Mama mwenye daftari alilikabidhi kwa katibu, lakini kwanza alichana kurasa za mwisho, kwa maana zilikuwa na hesabu za shule za mwanawe. Ukurasa wa kwanza ulibaki, wenye sekunde 59, 61 na 60. Kama kijiji chenu bado hakina ukurasa kama huo, kiangazi ndio wakati wa kuuandika.